Daftari la Dhana: Namna ya Kulitunza na Kuitambua Siku Ambayo Dhana Inageuka Hatari

Kamati nyingi za miradi hapa Mombasa huandika daftari la dhana siku ya kwanza, mara nyingi kwa kuwa mfadhili ameliomba, kisha hazilifungui tena mpaka mradi uharibike. Nyingine hulifungua kila wiki, lakini dhana zilizomo zimeandikwa kwa maneno mapana kiasi kwamba hakuna siku ambayo zinaweza kuonekana zimevunjika. Mwongozo huu unahusu makosa hayo mawili, na hasa swali linalowashinda wengi: ni lini dhana inayoyumba huacha kuwa dhana na kuwa hatari inayodai hatua?

Dhana, kwa maana ya kazi hii, ni jambo ambalo mpango umelichukulia kuwa kweli ingawa halijathibitishwa. Hatari ni tukio ambalo huenda likatokea na ambalo likitokea litaathiri muda, gharama au ubora wa kazi.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni kutoka mwanzo hadi mwisho. Shule moja ya Likoni inataka kuvuna maji ya mvua kabla ya masika ya mwaka 2027. Paa la madarasa lina ukubwa wa mita za mraba 200. Mvua ya milimita 100 ikinyesha juu yake, na tukikadiria kwamba asilimia 80 ya maji hayo itafika tangini, zitapatikana lita 16,000. Kamati imeamua kuweka matangi mawili ya lita 10,000 kila moja juu ya jukwaa la zege, na inataka kila kitu kiwe tayari tarehe 1 Aprili. Fedha za awamu ya kwanza zimeshapokelewa. Zile za awamu ya pili zinasubiri mfadhili apitishe ripoti.

## Mahitaji kabla ya kuanza

Unahitaji mpango wa kazi wenye tarehe, hata kama umeandikwa kwa mkono. Bila tarehe huwezi kupiga hesabu ya hatua ya nne, nayo ndiyo inayobeba mwongozo mzima.

Unahitaji pia daftari lenyewe. Lahajedwali kwenye simu au kompyuta inafaa zaidi kwa sababu inajumlisha na kutoa tarehe yenyewe, ingawa daftari la karatasi lenye mistari halina ubaya wowote. Tengeneza safu hizi, kwa mpangilio huu: namba, dhana, chanzo chake, msimamizi wake, tarehe ambayo kazi inahitaji dhana iwe kweli, siku ambazo njia mbadala inahitaji, siku ya mwisho ya kuamua, onyo, hali yake, kazi inayoitegemea, na dalili.

Mwisho, unahitaji siku moja ya wiki isiyobadilika. Katika mfano wetu kamati inakutana kila Jumatatu.

## Hatua ya 1: Chimbua dhana kutoka kwenye mpango

Usiwakalishe watu na kuwauliza, "Tuna dhana gani?" Watakutajia zile zinazojulikana na kila mtu: kwamba amani itakuwepo, kwamba bei hazitapanda sana. Badala yake, chukua mpango wa kazi, soma kila mstari, na kwa kila tarehe na kila kiasi uulize: "Tumejuaje?"

Mstari unasema, "Kuchimba na kufunga mbao za jukwaa: siku 10." Tumejuaje kwamba ni siku 10? Fundi mkuu alisema hivyo. Je, alikuwa anahesabu siku nzima za kazi? Ndiyo. Basi dhana iko hapo: mafundi watafanya kazi kutwa. Ramadhani ya mwaka 2027 inatazamiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo wa mwezi, na fundi aliyefunga hawezi kudaiwa kuchimba kuanzia asubuhi hadi jioni katika jua la Februari. Hakuna aliyeificha dhana hiyo. Ilikuwa imekaa ndani ya tarakimu, na tarakimu haiulizwi maswali mpaka mtu aamue kuiuliza.

Onyo: jambo linaloweza kuthibitishwa leo lisiingie daftarini. Kama hamjui iwapo mabati ya paa yametoboka, wekeni ngazi mpande mkaangalie. Daftari lililojaa mambo ya kuulizwa kwa simu moja huwachosha wasomaji wake, na yale mazito hupotea katikati.

Utajua umefanikiwa ikiwa angalau dhana mbili tatu zimemshangaza mtu aliyeuandika mpango.

## Hatua ya 2: Iandike dhana kwa namna inayoweza kuvunjika

"Fedha zitapatikana kwa wakati" ni sentensi isiyofaa. Kwa wakati gani? Zote au nusu? Ziwe zimeahidiwa au zimeingia benki? Mtu yeyote anaweza kuitetea mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo haitamzindua mtu.

Iandike hivi: "Awamu ya pili ya fedha, yote, itakuwa imeingia katika akaunti ya shule kufikia tarehe 1 Februari 2027." Sentensi hii ina kiasi, mahali na tarehe. Ikifika tarehe 2, watu wawili wasiopendana watakubaliana iwapo ilikuwa kweli au la.

Katika safu ya chanzo, andika neno lilitoka wapi: barua, mkataba, au mazungumzo ya mdomo. Usiandike "mfadhili" tu. Dhana iliyotokana na mkataba uliotiwa saini na ile iliyotokana na kauli ya ofisa mmoja kwenye simu hazina uimara sawa, na baada ya mwezi mmoja hakuna atakayekumbuka tofauti hiyo isipokuwa imeandikwa.

## Hatua ya 3: Pima mambo mawili, kisha achana na dhana nyepesi

Kila dhana ina maswali mawili. La kwanza ni hili: kuna uwezekano kiasi gani kwamba si kweli? La pili: ikiwa si kweli, ni kazi gani itaanguka? Majibu ya "kidogo", "wastani" na "kubwa" yanatosha. Sioni faida ya kutoa alama za moja hadi kumi, kwa sababu watu hubishania sita na saba huku kazi imesimama.

Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kuchanganya dhana inayoyumba na dhana inayobeba uzito. Tazama mfano huu: "Lori lenye matangi litavuka Likoni kwa feri siku ileile." Dhana hii inayumba sana, na kila anayevuka anajua kwamba foleni au hitilafu ya feri inaweza kula siku nzima. Lakini ikivunjika, lori litazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, au matangi yatafika kesho yake. Hakuna kazi kubwa inayoanguka. Iandike, iweke chini ya orodha, na usiipotezee muda wa mkutano.

Sasa tazama dhana ya fedha. Kila mtu anaiona imara kwa sababu mfadhili huyo hajawahi kukosa kulipa. Lakini jukwaa, matangi na mifereji ya paa vyote vinaitegemea. Dhana ya namna hii, hata ikionekana imara, inastahili kuangaliwa kila wiki, kwa sababu ikiyumba kidogo tu inayumbisha mradi wote.

Utajua umefanikiwa ikiwa dhana zilizobaki juu ya orodha hazizidi tano kwa mradi mdogo wa aina hii.

## Hatua ya 4: Tafuta siku ya mwisho ya kuamua kwa kuhesabu kinyumenyume

Hatua hii ndiyo huachwa zaidi. Wengi huweka katika daftari tarehe ambayo dhana inatazamiwa kutimia, kisha husubiri tarehe hiyo ipite ndipo washtuke. Tarehe unayoihitaji ni nyingine: ni siku ambayo, ikipita kabla hujaianza njia mbadala, njia hiyo haitakuokoa tena.

Anza mwishoni. Matangi yanatakiwa kuwa tayari kupokea maji tarehe 1 Aprili. Tangi la lita 10,000 likijaa lina maji ya uzito wa tani 10, na zege kwa kawaida huhesabiwa kuwa limefikia nguvu iliyokusudiwa baada ya siku 28. Kwa hiyo zege limwagwe kufikia tarehe 4 Machi.

Kabla ya kumwaga kuna kuchimba, kufunga mbao na kusuka nondo. Fundi alisema siku 10. Kwa kuwa kazi hiyo itaangukia Ramadhani na mafundi watafanya kazi saa chache, aliulizwa tena akasema siku 15. Basi kazi ianze tarehe 17 Februari. Kununua na kusafirisha saruji, kokoto, nondo na mchanga wa mto kunahitaji siku 5. Fedha zinatakiwa ziwepo kufikia tarehe 12 Februari.

Wengine husimama hapa, na hapo ndipo wanaponaswa. Jiulize sasa: fedha zisipofika, tutafanya nini, na jambo hilo linachukua siku ngapi? Kamati inaweza kuchukua vifaa kwa mkopo katika duka la vifaa vya ujenzi. Lakini lazima wapate bei kwa maandishi, wakubaliane masharti, na kikao cha kamati kiidhinishe deni. Mweka hazina anakadiria siku 10. Toa siku 10 kutoka tarehe 12 Februari, unapata tarehe 2 Februari.

Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuamua. Angalia kwamba imefuata siku moja tu baada ya tarehe ambayo fedha zilitarajiwa kuingia. Aliyekuwa akisema, "Tukichelewa wiki moja si neno," hakuwa na wiki hiyo.

Angalia jambo la pili pia. Kama dhana ya mafundi kufanya kazi kutwa ingebaki bila kuguswa, hesabu ingetumia siku 10 za kazi badala ya 15, na siku ya kuamua ingekuwa tarehe 7 Februari. Dhana ndogo ya saa za kazi imesogeza siku ya dhana kubwa kwa siku tano. Kwa sababu hiyo, dhana moja ikibadilika, piga upya hesabu ya zote zinazotegemea kazi ileile, na katika safu ya kazi uandike namba za dhana zinazogusana.

Onyo: usizipunguze zile siku 28 za zege ili upate nafasi ya kupumua katika hesabu. Fundi mwenye uzoefu anaweza kuwa na sababu ya kusema tangi lijazwe nusu mapema zaidi, lakini hiyo nayo ni dhana, tena ya uzito wa tani kadhaa mahali wanapopita watoto. Iingize daftarini kwa jina lake na umwekee msimamizi.

Ukitumia lahajedwali, weka katika safu ya E tarehe ambayo kazi inahitaji dhana iwe kweli, katika F siku ambazo njia mbadala inahitaji, na katika I hali ya dhana. Kisha andika hii katika G2:

```
=E2-F2
```

Na hii katika H2:

```
=IF(AND(I2="Haijathibitishwa",TODAY()>=G2-10),"ANGALIA","")
```

Zile siku 10 zimewekwa kwa sababu maalumu. Mkutano ni wa kila wiki, kwa hiyo onyo lazima lianze zaidi ya siku saba kabla ya siku ya kuamua, la sivyo linaweza kuwaka baada ya mkutano mmoja na kuonekana katika mkutano unaofuata, wakati umekwisha. Kwa dhana ya fedha, onyo litaanza tarehe 23 Januari, na Jumatatu ya tarehe 25 wote wataliona.

## Hatua ya 5: Ipe kila dhana msimamizi na dalili

Msimamizi si mtu mwenye cheo kikubwa zaidi. Ni yule ambaye habari humfikia kwanza. Dhana ya fedha ni ya mweka hazina kwa sababu yeye ndiye anayeona akaunti na kuzungumza na ofisi ya mfadhili. Ile ya saa za mafundi ni ya fundi mkuu. Ukiziweka zote chini ya mwenyekiti, umeziweka kwa mtu ambaye atasikia mwisho.

Dalili ni jambo linaloonekana kabla dhana haijavunjika. Kwa fedha, salio la benki si dalili, kwa kuwa likikosekana dhana imeshavunjika. Rudi nyuma ujiulize nini hutangulia malipo. Ripoti inatumwa tarehe 11 Januari. Ofisi ya mfadhili huthibitisha kuipokea, kisha huipitisha, kisha malipo huandaliwa. Basi dalili ya kwanza ni hii: "Uthibitisho wa kupokelewa kwa ripoti haujafika kufikia Jumatatu, tarehe 18 Januari." Dalili ya pili: "Ripoti imerudishwa na maswali."

## Hatua ya 6: Pitia kila wiki kwa swali linalofaa

Katika mkutano, usimuulize msimamizi, "Je, fedha zitakuja?" Atasema, "Inshallah zitakuja," na atakuwa amejibu kwa adabu swali ambalo hakuna binadamu anayeweza kulijibu kwa njia nyingine. Muulize, "Bwana mweka hazina, tangu Jumatatu iliyopita umeona nini au umesikia nini kuhusu dhana hii?" Swali hili linadai tukio, na kama hakuna tukio, jibu la "sijasikia chochote" nalo liandikwe pamoja na tarehe. Ukimya wa wiki mbili mfululizo ni habari.

Hivi ndivyo mstari wa fedha unavyoweza kusomeka wiki kwa wiki:

Tarehe 11 Januari: ripoti imetumwa. Hali: Haijathibitishwa.

Tarehe 18 Januari: uthibitisho haujafika. Dalili ya kwanza imeonekana. Mweka hazina atapiga simu.

Tarehe 25 Januari: ofisa amesema kwa simu kwamba ripoti bado inasomwa na malipo yatatoka "mwisho wa mwezi". Hakuna maandishi. Onyo la lahajedwali limewaka.

Tazama kilichotokea kwa chanzo. Tarehe 11 dhana ilitegemea mkataba, lakini tarehe 25 inategemea kauli ya mdomo. Tarehe haikubadilika, kiasi hakikubadilika, lakini dhana imedhoofika. Msimamizi asiyeandika chanzo upya kila mara hatauona mporomoko huo.

## Hatua ya 7: Ihamishe kwenye daftari la hatari

Hamisha dhana likitimia mojawapo ya mambo mawili: dalili imeonekana na dhana hiyo inabeba kazi kubwa, au siku ya mwisho ya kuamua imekaribia na bado hakuna uthibitisho. Tarehe 25 Januari dhana ya fedha imetimiza yote mawili. Usingoje ivunjike. Ikishavunjika si hatari tena bali ni tatizo, na tatizo huendeshwa kwa fedha na muda ambao huenda huna.

Iandike hatari kwa sentensi yenye sehemu tatu, yaani kilichopo sasa, kinachoweza kutokea na matokeo yake: "Kwa kuwa ripoti bado haijapitishwa na ahadi ya malipo ni ya mdomo, huenda awamu ya pili isifike kufikia tarehe 12 Februari, na matokeo yake zege litamwagwa baada ya tarehe 4 Machi na matangi hayatakuwa tayari kupokea mvua za mwanzo za masika." Kama huwezi kuijaza sehemu ya kwanza kwa jambo ulilolishuhudia, huenda bado una wasiwasi tu. Iache katika daftari la dhana uendelee kuitazama.

Kisha weka hatua, mtu na tarehe. Katibu ataleta bei za vifaa kwa maandishi kutoka maduka mawili kufikia Ijumaa, tarehe 29 Januari. Mwenyekiti ataitisha kikao cha kuidhinisha deni Jumatatu, tarehe 1 Februari. Kikao kitaweka pia kikomo cha deni, maana mkopo wa vifaa huleta dhana yake mpya: kwamba mfadhili atalipa kabla ya siku ya kumlipa mwenye duka. Nayo iingie daftarini siku hiyohiyo.

Duka likikataa, kamati itapunguza kazi: jukwaa la tangi moja litajengwa kwa salio la awamu ya kwanza, na la pili litasubiri. Uamuzi huo una gharama inayohesabika. Mvua ya milimita 100 itakayoleta lita 16,000 itapata nafasi ya lita 10,000 tu, na zinazobaki zitamwagika.

Katika daftari la dhana, usiufute mstari. Andika hali "Imehamia hatari" pamoja na namba yake mpya, ili atakayeusoma mradi huu baadaye aone njia yote.

## Hatua ya 8: Funga dhana kwa ushahidi

Dhana hufungwa kwa moja ya njia mbili: imethibitishwa au imevunjika. Zote mbili zinahitaji ushahidi na tarehe. Fedha zikiingia tarehe 5 Februari, andika tarehe hiyo, ambatanisha taarifa ya benki, na funga mstari wa dhana hiyo pamoja na hatari iliyotokana nayo.

Hapo mtu atasema katibu alihangaika bure na zile bei za maduka. Mwachie hoja yake, lakini usiiruhusu ibadilishe daftari. Kipimo si kama hatari ilitokea, bali kama siku ya tarehe 2 Februari kamati ilikuwa na njia mbili mkononi. Bei hizo zitunze, kwa sababu zitatumika kununulia vifaa vilevile kwa fedha taslimu wiki hiyohiyo.

Mwishoni mwa kazi, soma safu ya chanzo peke yake kutoka juu hadi chini na uhesabu dhana zilizovunjika kwa kila aina ya chanzo. Kamati ikigundua kwamba zilizotokana na makadirio ya mdomo ya siku za kazi ndizo zilizovunjika mara nyingi, inajua mstari gani wa mpango ujao utaulizwa kwanza "Tumejuaje?"